Utaridi yangu Mizani, yake Kaa: nifunge ndoa au niache?

BintiMizani: Wakuu, naombeni ushauri, usingizi umenipaa. Nimechora chati yangu na ya mchumba wangu. Utaridi yangu iko Mizani digrii 12, yake Kaa digrii 14. Nasoma kwamba huo ni mraba, ugomvi wa maneno maisha yote. Na kweli tunagombana. Jana nimemwandikia ujumbe mrefu, nimempimia sababu za pande zote, akajibu "Sawa." Neno moja na nukta. Kondoo kweli yule, hasira mbele.

Kibatari: Subiri wiki tatu. Utaridi ikirudi nyuma hakuna anayeelewana na mtu.

MzeeFalaki: Kibatari, hiyo ni Utaridi ya angani leo, inatupitia sote. Yeye anauliza chati mbili za kuzaliwa. Dada, mraba wako umebana, digrii 2 tu kutoka 90 kamili. Husomwa hivi: Mizani hupima hoja ndipo aseme, Kaa husikia sauti kabla ya maneno, akiumia anajifunika. Hiyo "Sawa." ni gamba. Ila mbona una haraka? Umeshaamua nini?

MamaWawili: Mimi na baba watoto Utaridi zetu zilikuwa nyota moja. Tulikuwa tunaongea mpaka alfajiri. Mwaka wa nne tukaachana, maana pesa ndiyo mada pekee ambayo hatukuwahi kuigusa.

Mchaji: Nyota haziolewi. Piga goti, dada.

BintiMizani: Nimeshamwambia tuahirishe ndoa. Msinilaumu, bora kulia sasa.

JichoKali: Hii imetungwa. Umemwita Kondoo, halafu Utaridi yake Kaa? Utaridi haiachani na Jua zaidi ya digrii 28. Jua likiwa Kondoo, Utaridi itakuwa Samaki, Kondoo au Ng'ombe. Kaa haifiki.

BintiMizani: Sijatunga! Ana tarehe mbili. Mama yake anasema 10 Aprili, cheti kinasema 10 Julai. Nilichorea ya cheti. Nimenyamaza kwa sababu nilishamwambia tuahirishe.

MzeeFalaki: Basi huo mraba hauna mwenyewe. Chora ya Aprili, mwaka uwe sahihi. Saa usihangaike nayo sana, kwa siku nzima Utaridi haisogei zaidi ya digrii 2 na kidogo. Ikitua Kondoo itakabiliana na yako: husemwa mtabishana uso kwa uso, lakini mnasikiana. Ikiwa Samaki au Ng'ombe, mnapishana, kila mtu anajibu swali lake.

BintiMizani: Imetoka Kondoo, digrii 9. Na sasa nakumbuka, ile "Sawa." iliingia papo hapo. Hakuwa hata amemaliza kusoma.

JichoKali: Asubuhi "Sawa." ilikuwa gamba la Kaa, jioni ni haraka ya Kondoo. Yeye mwenyewe umemuuliza alimaanisha nini?

BintiMizani: Bado. Naanza na mama yake, anieleze Aprili anaikumbukaje.