Naomba ushauri: mtego wa sinki unavuja hata baada ya kubadilisha washa

Habari zenu wapendwa. Niko Lanet, Nakuru, na sinki ya jikoni imenisumbua wiki nzima. Bomba likifunguliwa kidogo hakuna shida, lakini nikijaza sinki kisha niachilie maji yote, mtego ule wa plastiki hapo chini unadondosha.

Nilikausha kila kiungo, nikazungushia karatasi ya tishu, na iliyolowa kwanza ni ya nati ya juu, pale bomba la kutoka sinki linapoingia kwenye mtego. Nilikaza nati kwa mkono, haikusaidia. Nikaongeza robo mzunguko kwa spana, nikaacha hapo kwa sababu plastiki ikizidiwa hupasuka.

Nikaweka beseni, nikafungua. Washa ya zamani ilikuwa imebanwa upande mmoja na kukauka. Nimenunua mpya ya inchi moja na nusu, nikaiweka upande mwembamba ukiangalia ndani ya mtego na ule mpana ukigusa nati. Bado tone moja kila dakika.

Nilichogundua jana: bomba linaingia limeinama, na ndani limezama kama nusu sentimita tu. Jirani ananiambia nizungushe tepu nyeupe kwenye nyuzi, ila naona kinachozuia maji hapo ni washa, si nyuzi.

Je, ninunue bomba refu zaidi, au kuna njia ya kunyoosha mtego bila kugusa bomba la ukutani? Nyumba ni ya kupanga.