MREJESHO: Jedwali la vipimo vya pumu kutoka karatasi za spirometa

Niliuliza: "Nina karatasi za spirometa za wagonjwa wa pumu. Nizipangeje ili nione kipimo halisi na kile kilichotarajiwa, na niandike tafsiri fupi ya kufuatilia?"

Asanteni sana wote. Nilifuata ushauri wa safu nne tu, kuanzia B: kilichopimwa, kilichotarajiwa, asilimia, na kipimo baada ya kuvuta salbutamol. Asilimia inajikokotoa yenyewe:

```
=ROUND(B2/C2*100,0)
```

Mgonjwa mmoja alitoka hivi: FEV1, hewa inayotolewa katika sekunde ya kwanza, lita 2.10, iliyotarajiwa 3.00, yaani asilimia 70. FVC, hewa yote inayotolewa kwa pumzi moja ya nguvu, ni 3.30, kwa hiyo uwiano wa FEV1 kwa FVC ni 0.64. Baada ya dawa FEV1 ilifika 2.45. Tafsiri niliyoandika: "Njia za hewa zimebana, na zinafunguka vizuri kwa dawa: ongezeko la ml 350, sawa na asilimia 17." Kigezo kilichozoeleka ni zaidi ya asilimia 12 na ml 200 kwa pamoja, kwa hiyo amevuka.

Kilichokwama ni kulinganisha na karatasi ya zamani. Ile ilionyesha 2.15 kati ya 2.85, asilimia 75, nikadhani mgonjwa ameshuka. Kumbe mashine ile ilitumia kanuni nyingine ya kukadiria kinachotarajiwa; tofauti halisi ni ml 50, ndogo mno kuitwa mabadiliko. Sasa, kati ya ziara na ziara, nalinganisha lita, na jina la kanuni naliandika juu ya jedwali. Karatasi zisizotaja kanuni bado sijazipatia ufumbuzi.