Kuh: "handbag" au hambag?

Kutoka: Mwajuma
Salaam wapendwa. Kwenye maandishi naona "handbag", ila kwenye simu na matangazo ya dukani nasikia hambag. Ile d imekwenda wapi, na m imetoka wapi?

Kutoka: Baraka
Dada Mwajuma, ni uvivu wa ulimi tu. Wakikimbiza maneno, d inageuka m. Waombe waseme polepole.

Kutoka: Zuhura
Kaka Baraka, umepata nusu. D haigeuki, inadondoka. Kinachogeuka ni n.

Fuata hatua kwa hatua. Katika "handbag" kuna konsonanti tatu zilizobanana: n, d, b. D iliyo katikati ndiyo dhaifu, kwa hiyo inaachwa: hanbag. Sasa n imekutana uso kwa uso na b. N hutamkwa kwa ncha ya ulimi nyuma ya meno, b hutamkwa kwa midomo. Midomo inafunga mapema kujiandaa kwa b, na sauti ya puani ikipita midomo ikiwa imefungwa, hiyo ni m. Ndiyo hambag. D isingeondoka kwanza, n isingeifikia b.

Nasi tunafanya hivyo kila siku. Ubavu mmoja, mbavu nyingi. Nyumba nzuri, lakini nyumba mbaya. Hakuna asemaye "nbaya". Tofauti ni kwamba sisi tunaandika m tunayoitamka, Waingereza wanaacha tahajia ya zamani. Simama mbele ya kioo useme hambag taratibu: midomo inafunga kabla ya b kusikika.

Ukishaijua, utaisikia kwingi. "Ten boys" inakuwa tem boiz. Mbele ya k inakuwa ng' ya ng'ombe, kwa hiyo "ten cups" ni teng' kaps. Ila mkondo ni wa upande mmoja: m yenyewe haibadiliki. "I'm coming" inabaki na m yake.

Kutoka: Mama Neema
Mwalimu shikamoo. Kwa hiyo mwanangu akiandika hambag kwenye imla, mwalimu wake asimkosoe?

Kutoka: Zuhura
Marahaba. Amkosoe, mama. Tunazungumzia sikio, si kalamu. Na d yenyewe haijafa: sauti inayofuata ikiwa ni irabu, inarudi. Katika "hand it over" utaisikia wazi, kwa sababu haijabanwa tena katikati ya konsonanti.

Kutoka: Rashidi
Mimi handbag hainisumbui. Ninaloumia nalo ni "can" na "can't". Mtu anapiga simu kuhusu zamu ya kazi, anasema ama "I can be there" ama "I can't be there", nami natega sikio kwenye t bila kuipata.

Kutoka: Zuhura
Rashidi, hapo usiisubiri t. Mbele ya b mara nyingi inakatwa kooni, husikii chochote, na n inaweza kuwa m katika sentensi zote mbili. Sikiliza irabu. "Can" ya kawaida haina mkazo na irabu yake imefifia: kem bi, inapita haraka. "Can't" ina mkazo na irabu kamili; kwa Waingereza wengi wa kusini ni aa ndefu, kaam bi. Kwa Wamarekani irabu si ndefu hivyo, lakini mkazo upo palepale. Ukibaki na shaka, rudisha swali kwa maneno yasiyo na "can": "So you are coming?" Hapo atajibu ndiyo au hapana.

Kutoka: Baraka
Nimekubali kuhusu n. Lakini bado nasema mgeni asiigize. Akitamka d yake wazi ataeleweka.

Kutoka: Farida
Ataeleweka akiitamka d peke yake, kaka. Shida ni kwamba wengi wetu hatuishii hapo, tunaweka irabu: handibegi. Kiswahili kikibanwa na konsonanti huongeza irabu, Kiingereza huondoa konsonanti. Silabi mbili zinakuwa nne, na msikilizaji anapotea kwenye mapigo ya neno kuliko kwenye d. Kati ya handibegi na hambag, afadhali hambag.

Kutoka: Zuhura
Farida, hapo nakuunga mkono nusu. Katika neno moja kama hili, sawa. Lakini kwenye wakati uliopita niko upande wa Baraka. "They fixed two" na "they fix two" husikika karibu sawa mtu akienda mbio, kwa kuwa t ya "fixed" inamezwa. Ukimweleza daktari kilichotokea jana, taja na "yesterday", usiitegemee ile t ikubebee maana.

Kutoka: Mwajuma
Nimejaribu kwenye kioo, midomo inafunga kweli. Ila nikisema polepole sana, ulimi nao unagusa kidogo nyuma ya meno. Nakosea?

Kutoka: Zuhura
Hukosei. Hata kwa Waingereza wenyewe wakati mwingine ulimi huinuka nusu njia huku midomo imeshafunga.