Dari ya chumba cha baridi: EPS milimita 100 au PU milimita 75?

mvuvi_pwani
Wakuu, habari za jioni. Najenga chumba cha baridi cha samaki hapa Tanga. Kuta zimeshasimama, imebaki dari. Muuzaji ana paneli za sandwichi, yaani povu katikati ya mabati mawili, za aina mbili: EPS ya milimita 100 yenye bati la 0.5 kila upande, na PU ya milimita 75 yenye bati la 0.4. Bei zimekaribiana. Yeye anasisitiza PU, anasema 75 ya PU ni sawa na 100 ya EPS. Ijumaa natakiwa kulipa. Nichukue ipi?

fundi_baridi
Mkuu, mambo ya muhimu hujayasema. Kutoka ukuta hadi ukuta ni mita ngapi? Kuna mhimili katikati? Ndani ni nyuzi ngapi? Juu ya dari watu watapanda? Bila hayo hakuna atakayekushauri kwa haki.

bati_gumu
Mwambie akutengenezee yenye bati la 0.8. Mzigo wote unabebwa na bati, povu ni la kuzuia joto tu. Nimefanya kazi na bati miaka 15.

mvuvi_pwani
Samahani wakuu. Ni mita 4, hakuna mhimili. Ndani hasi 18. Juu kuna paa la bati la kawaida, jua halipigi paneli moja kwa moja. Fundi atapanda mara mojamoja kukagua mabomba. Halafu evaporeta itaning'inia darini, kama kilo 60.

hesabu_kwanza
Sasa tunaweza kuongea.

Muuzaji hajakudanganya kwa upande wa joto, PU ya 75 inazuia joto hata zaidi kidogo kuliko EPS ya 100. Ila kubeba mzigo ni jambo jingine kabisa.

Bati_gumu yuko sahihi nusu. Paneli ikilemewa, bati la juu linabanwa na la chini linavutwa, na karibu nguvu yote ya kupinda imo kwenye hayo mawili. Lakini ukakamavu unatokana zaidi na umbali kati yao:

D = E·t·d²/2

Hapo D ni ukakamavu, E ni ugumu wa chuma, t ni unene wa bati moja, d ni umbali kutoka bati hadi bati. Bati likiwa nene mara mbili, ukakamavu unakuwa mara mbili. Povu likiwa nene mara mbili, unakuwa mara nne. Ndiyo maana ile PU yako haifikii hata nusu ya ukakamavu wa ile EPS.

Nimepiga hesabu kwa mzigo wa kilo 100 kila mita ya mraba, mita 4 wazi. EPS: kwa kupinda tu, katikati inashuka milimita 6. Halafu povu lenyewe linaachia, kama kurasa za kitabu kinene ukisukuma jalada kwa kiganja: mabati yanasogeana. Hapo inaongezeka karibu 7, jumla 13. PU: 14 kwa kupinda na 9 za povu, jumla 23. Povu zote mbili nimezikadiria megapaskali 3 za ugumu wa mkato. EPS nyepesi sana huwa chini ya hapo, basi itashuka zaidi.

Ukiweka bati la 0.8 kwenye EPS, ile 6 inakuwa 4, lakini ile 7 ya povu haiguswi.

bati_gumu
Sawa, ila chuma hakikatiki kwa mzigo huo. Nimepanda juu ya paneli za 0.4 mara nyingi.

hesabu_kwanza
Hakikatiki, kweli. Mkazo kwenye bati ni megapaskali 40 kwa EPS na 67 kwa PU, wakati chuma kinavumilia zaidi ya 200. Tatizo ni bati la juu, lile linalobanwa. Ni jembamba, na kinacholizuia lisijikunje ni povu laini chini yake. Kwa povu la namna hii makunyanzi yanaweza kuanza kwenye 80 hivi, na hiyo ni kama gundi imeshika kila mahali. Povu lenyewe hapa halina shida, mkazo wake wa mkato ni kama 0.02.

bi_rukia
Hapo kwenye gundi naomba niseme, maana yalinikuta. Nilikuwa na chumba cha maziwa, dari ya EPS ya 100, mita 3 na nusu. Mwaka wa kwanza hakuna shida. Fundi wa mitambo alikuwa akipanda juu kila mwezi, anaegemeza ngazi palepale na kupita mstari uleule. Siku moja nikaona maji yanadondoka kwenye kiungo, dari imelegea katikati. Nikapanda mwenyewe na shilingi mkononi, nikawa nagonga. Pembeni sauti ilikuwa nzito, fupi. Katikati ikalia kama debe tupu. Kwenye njia ya fundi bati lilikuwa na kunyanzi moja limekatiza paneli, ukiligusa linabonyea na kurudi.

Tulipokata, gundi ilikuwa imepigwa kwa michirizi, kila baada ya kiganja kimoja, katikati pakavu. Povu lilitoka safi, halina hata chembe iliyobaki kwenye bati. Kaka mvuvi, usilipe Ijumaa kabla hujaomba kipande. Bandua bati kwa bisibisi. Likiondoka na punje za povu, gundi ni nzuri. Likiondoka safi, achana nayo.

mtu_wa_boti
Kwa sakafu kama hiyo, sisi Mombasa kwenye boti za faiba tunatumia povu la PVC la kilo 80 kwa mita ya ujazo. Ni gumu mara kadhaa kuliko EPS, huwezi kuona linaachia.

fundi_baridi
Ndugu, ni dari, si sakafu. Na bei ya povu hilo atanunulia chumba kizima.

Mvuvi, EPS au PU hapa si swali la kwanza. Usiache mita 4 wazi. Kata paneli za mita 2, zikutane kwenye reli ya umbo la T iliyoning'inizwa kwa fimbo kutoka kwenye kenchi za paa. Evaporeta nayo ining'inie kwenye kenchi, bolti zipite paneli bila kuilemea. Kilo 60 kwenye matundu manne ya bati la 0.4 zitabonyeza povu.

hesabu_kwanza
Naunga mkono. Ukipunguza nafasi iwe nusu, kupinda kunashuka mara 16, kule kwa povu mara 4. PU ya 75 inabaki na milimita 3 tu, mkazo kwenye bati 17. Hapo hata PU ni chaguo zuri.

Jambo moja: chini ya paa la bati mchana panaweza kufika nyuzi 40, ndani hasi 18. Bati la juu linatanuka, la chini linasinyaa, na EPS yako ya mita 4 ingejikunja kwenda juu kama milimita 14 bila mtu kuigusa. Kwa hiyo sipendi paneli ndefu iliyofungwa kwa nguvu katikati. Mbili fupi ni bora.

bati_gumu
Kwa kiungo hicho cha katikati baridi itavuja. Paneli moja ndefu haina kiungo katikati.

fundi_baridi
Kiungo kikijazwa povu na silikoni pande zote mbili hakivuji. Nimefanya nyingi.

bati_gumu
Silikoni ya miaka mingapi?

mvuvi_pwani
Asanteni sana wote. Kenchi zangu ni mbao za 2 kwa 4, zimepishana mita 1.2, na zimebeba bati tayari. Zitahimili dari na evaporeta juu yake? Kesho asubuhi nitaenda na bisibisi kwa muuzaji.

fundi_baridi
Kenchi zina urefu gani kutoka ukuta hadi ukuta, na zimeungwaje katikati? Tuma picha.