Rangi ya gauni chini ya taa ya bluu: nijaribu kwenye picha au ninunue vipande?

SindanoNaUzi
Hamjambo wana jukwaa. Nashonea kikundi kidogo maleba ya mchezo wenye onyesho la usiku, taa ya bluu nzito kabisa, kisha kunakucha kwa rangi ya machungwa. Malkia habadilishi nguo kati ya hizo mbili. Mwelekezi anayumba kati ya damu ya mzee, kijani cha chupa na urujuani. Kitambaa ni mita sita, na nikikosea pesa ya kununua tena haipo. Ukumbi wenye taa tumepewa jioni moja tu wiki ijayo. Nimefikiria njia tatu. Ya kwanza, nimpige mwigizaji picha jukwaani akiwa na gauni lolote, kisha nibadilishe rangi kwa programu ya GIMP. Ya pili, nimpige nje mchana na kuweka tabaka la bluu juu ya picha. Ya tatu, ninunue vipande vidogo mtaa wa Biashara nimbandike navyo. Ipi haitanidanganya?

Kijana_wa_Umoja
Hiyo ya kwanza ni rahisi, dada. Fungua Hue-Saturation, chagua gauni, zungusha rangi mpaka upate unayotaka. Na kama ubluu unasumbua, bonyeza White Balance ya otomatiki, ubluu unapungua.

SindanoNaUzi
Hapana ndugu, ubluu ndio ninaoutaka. Nataka kuona gauni litakavyoonekana *ndani* yake.

MwalimuBuruburu
Nipite na kisa changu. Mwaka mmoja tulipeleka wanafunzi kwenye tamasha la maigizo, askari wetu wamevaa joho jekundu zuri ajabu. Taa za usiku zilipowaka, majoho yakawa meusi tii na mapazia nyuma ni meusi. Ikabaki vichwa saba vinaelea. Ukumbi mzima ulicheka, na onyesho lilikuwa la mazishi. Usiende na nyekundu, mama.

FundiTaa
Mwalimu, majoho yako hayakuwa na kosa. Kitambaa chekundu ni chekundu kwa sababu kinarudisha mwanga mwekundu na kumeza mwingine. Ukikimulika kwa bluu tupu, kinameza karibu wote, na jicho linaona weusi.

Ndiyo maana njia ya kwanza haifai, SindanoNaUzi. Ukimpiga picha chini ya bluu akiwa na gauni jekundu, mahali pa gauni pana giza tu. Kuzungusha rangi ya giza kunakupa giza lingine pamoja na chengachenga. Zaidi ya hapo, GIMP haijui taa ni ya bluu. Ukiiambia iweke kijani, itakupa kijani cha mchana katikati ya usiku.

Mimi ningefanya njia ya nne. Tafuta marekani nyeupe, ile ambayo mafundi hujaribia mitindo kabla ya kukata kitambaa cha kweli. Mfunge mwigizaji kwa umbo la gauni, hata kwa pini tu, umsimamishe mahali pake jukwaani chini ya taa zenyewe, umpige picha. Kwa kuwa marekani hurudisha kila rangi karibu sawa, picha hiyo inakuonyesha mwanga wenyewe ulivyoanguka: mikunjo, upande uliokolea, upande wenye kivuli. Kisha unazidisha kwa rangi ya kitambaa.

Kijana_wa_Umoja
Kuzidisha vipi? Kwa kalkuleta?

FundiTaa
GIMP inazidisha yenyewe. Chukua kipande cha kitambaa na kipande cha ileile marekani, uviweke sambamba kivulini saa sita mchana, uvipige pamoja katika picha moja. Rekebisha picha hiyo mpaka marekani isomeke nyeupe, kisha chota rangi ya kitambaa. Rudi kwenye picha ya jukwaani, weka tabaka jipya lenye rangi uliyochota, Mode iwe Multiply, na mask ifunike gauni peke yake. Marekani ndiyo kipimo chako pande zote mbili, kwa hiyo huhitaji kifaa kingine.

Nikupe mfano wa namba za kukisia, kwa kipimo cha mwanga wenyewe kutoka 0 hadi 1, si namba za skrini:

```
                   R      G      B
taa ya usiku      0.02   0.10   0.80

damu ya mzee      0.30   0.04   0.05
  chini ya taa    0.006  0.004  0.040

kijani cha chupa  0.03   0.20   0.08
  chini ya taa    0.001  0.020  0.064

urujuani          0.25   0.10   0.40
  chini ya taa    0.005  0.010  0.320
```

Angalia safu ya B peke yake, maana usiku ule ndiyo yenye mwanga. Damu ya mzee na kijani, ambazo dukani hazifanani hata kidogo, zimekuwa majirani: nguo mbili za giza zenye ubluu kidogo. Pazia jeusi linaweza kurudisha 0.03, yaani 0.024 kwenye bluu, kwa hiyo malkia wa damu ya mzee anakaribia kupotelea kwenye pazia. Urujuani unasimama. Lakini hauonekani kama urujuani, unaonekana kama nguo nyeupe iliyofifia.

LenziYaKasarani
Fundi, umesahau jambo. Kuzidisha lazima kufanywe kwa kipimo cha mwanga wenyewe, si kwa namba za kawaida za picha, la sivyo kila kitu kinaharibika.

FundiTaa
Nusu ya hilo nakupa. Kwa kuzidisha, tofauti ni ndogo sana, kwa sababu mkunjo wa namba za picha unakaribia kipeo, na vipeo vinazidishana bila kugombana. Panapoharibika ni kwenye kujumlisha. Ukipiga picha moja na taa ya kushoto peke yake, nyingine na ya kulia peke yake, halafu ukataka kuziunganisha, hapo usipotumia kipimo cha mwanga utapata uongo.

LenziYaKasarani
Sawa, nimekuelewa. Basi niongeze la kamera, maana hapo nina makovu. Kamera au simu ikiwa otomatiki itaona bluu na kujaribu kuifuta, na kila picha itaifuta kwa kiasi tofauti. Funga mizani ya weupe kwenye 5600K au yoyote, mradi isihame jioni nzima. Open Camera kwenye Android inakuruhusu, na simu nyingi zitakupa faili ghafi la DNG pia.

La pili ndilo huwaumiza watu. Chini ya bluu nzito, kipimo cha kamera kinaona giza na kuongeza mwanga, kumbe chaneli ya bluu imeshajaa pomoni. Utaijua kwa mikunjo: gauni linakuwa bapa la bluu kama limekatwa kwa karatasi, hakuna mkunjo hata mmoja. Ukizidisha bapa hilo unapata bapa lingine. Shusha mwanga wa picha kwa stopu mbili, hata kama picha inaonekana ya giza, na uangalie histogramu ya bluu peke yake. Na kama taa ni za LED na unaona mistari ya kupita, punguza kasi ya shata, jaribu 1/50.

MwalimuBuruburu
Na kwa nini asiende tu na njia ya pili? Picha ya mchana, tabaka la bluu juu. Mwanangu alinifanyia hivyo kwenye simu, ikapendeza.

FundiTaa
Si mbaya, mwalimu, kwa rangi peke yake inakaribia, ikiwa tabaka hilo ni la Multiply. Inachokosa ni upande wa taa. Jua la mchana linamfunika mtu mzima, ilhali taa ya usiku labda inatoka nyuma kushoto. Nguo ya giza jukwaani huokolewa na ule ukingo wa mwanga begani, na picha ya mchana haina ukingo huo.

Swali kwako, SindanoNaUzi: taa za ukumbi huo ni za LED au za balbu zenye jeli ya rangi mbele yake?

SindanoNaUzi
Sijui. Nitauliza. Na marekani nimepata Isili, ila inang'aa weupe wa kupita kiasi.

FundiTaa
Weupe wa kupita kiasi ni dawa ya kung'arisha. Imulike kwa kile kitochi cha wakala wa M-Pesa cha kukagua noti bandia. Ikiwaka bluu, itafute isiyowaka, kwa sababu chini ya taa zenye zambarau ya mwisho itajitengenezea mwanga wake na kukuharibia kipimo.

SindanoNaUzi
Nimerudi baada ya jioni yetu. Taa ni balbu za zamani zenye jeli ya bluu. Nilimfunga mwigizaji marekani kwa pini na kuzidisha rangi tatu kama ulivyosema. Kijani na urujuani vilikubaliana na vipande vya kweli nilivyombandika kifuani. Damu ya mzee ilikataa. Kwenye GIMP ilikuwa karibu nyeusi, lakini kipande chenyewe kilikuwa na joto fulani, kama kahawia yenye zambarau. Nimepima: uwekundu wa kipande ni karibu mara mbili ya nilioupata kwa kuzidisha. Nimekosea wapi?

FundiTaa
Hujakosea. Jeli nyingi za bluu nzito huvuja mwekundu wa mwisho kabisa wa upinde wa mvua, na balbu ya waya ina mwekundu huo kwa wingi. Lee 181 ndiyo maarufu kwa hilo: inapitisha chini ya asilimia 2 ya mwanga wote, lakini mwekundu wa mwisho unapenya. Damu ya mzee yako, ukichukua wastani wa wekundu wote, inarudisha 0.30. Kwenye mwekundu ule wa mwisho pekee huenda inarudisha 0.60. Kamera ina chaneli moja tu ya nyekundu, haijui ni mwekundu upi ulioingia, kwa hiyo GIMP ilizidisha kwa wastani. Ukipeleka gauni hilohilo kwenye ukumbi wenye LED za bluu, mvujo haupo, na litakuwa jeusi kama majoho ya mwalimu.

LenziYaKasarani
Kwa hiyo kipande cha kweli ndicho mwamuzi, picha ni ya kuchuja tu?

FundiTaa
Kwa rangi iliyo mbali na rangi ya taa, ndiyo. Kipande cha shilingi chache hakikuonyeshi gauni zima, ila kinakuonyesha pale hesabu inapodanganya. Kisiwe kidogo kuliko kiganja, na kikae kwenye mkunjo, si kunyooshwa.

MwalimuBuruburu
Mimi bado naona picha si jicho. Nikikaa ukumbini dakika tano kwenye bluu, naanza kuona rangi ambazo picha haina.

FundiTaa
Hapo sibishani, mwalimu. Jicho huzoea, kamera niliyoifunga haizoei. Na skrini nyingi haziwezi kutoa bluu nzito hivyo. Mimi huwa nakaa safu ya mwisho na kuangalia, sina njia nyingine.

SindanoNaUzi
Mwelekezi ameona picha zote. Urujuani ameukataa kwa sababu ya kunakucha: chini ya machungwa uligeuka kahawia ya udongo. Damu ya mzee ndiyo iliyowaka hapo kama moto. Sasa anasema apotee usiku, vizuri, ila anataka ushungi mweupe ili uso usielee peke yake. Na juzi ametaja kwamba onyesho la pili huenda likahamia ukumbi mwingine. Sijanunua mita sita bado. Nimempigia mlinzi wa huko aniambie taa zao ni zipi, amesema "ni zile za kuwaka".