Search Console inakata historia: nihifadhije data ya kila mwezi ili Ramadhani ilinganishike?

jiko_la_pwani
Wakuu, habari za leo. Nina tovuti ya mapishi, na wageni wengi huja Ramadhani kutafuta futari. Nimetaka kulinganisha Ramadhani ya 2024, 2025 na hii ya 2026 kwenye Search Console, lakini tarehe haziendi nyuma kiasi hicho. Ya 2024 imepotea kabisa? Na kuanzia sasa nihifadhi nini hasa?

Kibao
Ingia Analytics, sehemu ya kuhifadhi data, badilisha miezi 2 iwe 14. Mimi duka langu la viatu nilifanya hivyo, imeisha.

mtunza_takwimu
Kibao, hiyo ni ya GA4, tena inagusa uchunguzi wa Explore tu. Maneno ambayo watu wameandika Google yako Search Console, na kule hakuna swichi ya kurefusha. Ni miezi 16 basi.

Dada jiko, ya 2024 ilikuwa Machi na Aprili, kwa hiyo ilishatoka. Ya 2025 bado ipo, ila Machi 2025 itaanza kufutika Julai mwaka huu. Ichukue leo.

Fungua Performance, weka tarehe 1 hadi mwisho wa mwezi mmoja, aina ya utafutaji Web, kisha Export na uchague CSV. Utapata zipu yenye faili kadhaa. Usiifungue ukaihariri, ipe jina kama `2025-03_web_zote.zip` na uiache ilivyo. Ndani yake `Filters.csv` inaonyesha vichujio ulivyotumia. Mwakani hutakumbuka kama ulichuja Tanzania pekee au dunia nzima, faili hiyo itakujibu.

Mwezi uliokwisha uchukue kuanzia tarehe 5 hivi ya mwezi unaofuata. Siku za mwisho huchelewa kukamilika, na ukiwahi utakuwa na mwezi pungufu utakaoonekana kama umeshuka.

Salehe_wa_Mji
Kwa nini ahangaike na zipu? Awashe bulk export ya kwenda BigQuery, kila siku inajipeleka yenyewe.

mtunza_takwimu
Ni wazo zuri, mkuu, ila huanza kukusanya siku unapoiwasha, hairudi nyuma. Miezi iliyopita lazima aitoe kwa mkono au kwa API. Halafu kwa tovuti ndogo, zipu 12 kwa mwaka si mzigo.

jiko_la_pwani
Asante. Nimetoa Machi 2025. `Queries.csv` ina mistari 1,000 kamili, na nikijumlisha Clicks zake hazifikii jumla ya kwenye grafu. Nimekosea wapi?

mtunza_takwimu
Hujakosea. Kuna mambo mawili hapo. Kwanza, eksporti ya kwenye ukurasa inaishia mistari 1,000. Pili, Google huficha maneno yaliyotafutwa na watu wachache mno, lakini klik zake huhesabiwa kwenye jumla. Kwa hiyo jumla ya mwezi ichukue kwenye `Chart.csv`, na `Queries.csv` itumie kujua maneno tu. Ukitaka maneno mengi zaidi ya futari, chuja kurasa zenye `/futari/` kisha utoe zipu ya pili ya mwezi huohuo.

`Chart.csv` ndiyo muhimu kwako kuliko zote, kwa sababu ni ya siku kwa siku. Ramadhani ya 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, ya 2026 ikaanza wiki ya tatu ya Februari. Ukilinganisha Machi na Machi, mwaka huu utaonekana umeporomoka wakati mfungo ndio uliohama. Ongeza safu ya siku ya mfungo, 1 hadi 29 au 30, ulinganishe mfungo 1 na mfungo 1.

bint_Pangani
Na Position msichukue wastani wa kawaida. Siku moja Impressions 100 nafasi ya 4, nyingine Impressions 900 nafasi ya 12: wastani wa kawaida ni 8, wa kweli ni 11.2. Kwa mwezi wa siku 31:

```
=SUMPRODUCT(C2:C32,E2:E32)/SUM(C2:C32)
```

CTR vilevile: jumla ya Clicks gawa kwa jumla ya Impressions.

Salehe_wa_Mji
Hapo kwenye Impressions kuna mtego. Septemba 2025 Google iliondoa kigezo cha `num=100` kilichoonyesha matokeo 100 kwenye ukurasa mmoja, na tovuti nyingi zikaona Impressions zinashuka huku Position ikionekana bora, yaani namba yake ikipungua, bila klik kubadilika. Ramadhani ya 2025 iko upande mmoja wa mabadiliko hayo, ya 2026 upande mwingine.

mtunza_takwimu
Kweli kabisa. Weka faili la maandishi kando ya zipu, uandike mabadiliko ya aina hiyo na tarehe zake, pamoja na siku uliyobadilisha anwani za kurasa. Kwa 2025 na 2026 ningetegemea Clicks pekee.

bint_Pangani
Clicks pekee zinaficha neno lililopanda bila kubofywa. Mimi ningeangalia Position ya maneno kumi makubwa, moja moja.

mtunza_takwimu
Hata hayo kumi yameguswa, hasa yaliyokuwa yanaonekana ukurasa wa pili kwenda chini. Ya nafasi 1 hadi 10 sawa, nakubali.

jiko_la_pwani
Januari na Februari 2025 nazo nazitoa usiku huu. Tovuti ina `http` na `https` kama mali mbili tofauti, nitoe ipi?

bint_Pangani
Kama una ile ya Domain, toa hiyo, inajumlisha zote. Kama huna, toa `https` na uendelee nayo hiyohiyo kila mwezi.