Kikundi: UKOO WA NGAMIANI 💚 (sari ya Zainabu)

Mama Salim: Assalam aleikum familia. Picha kubwa ya harusi inaenda kuprintiwa Alhamisi, fremu nishalipia. Kwenye picha sisi wanawake wote tuna sari za kijani isipokuwa Zainabu hayupo, yuko Maskati. Kanitumia picha yake kasimama kavaa gauni jeusi. Fadhili mvalishe sari umweke pale pembeni ya Rehema. Kazi ya dakika tano hiyo

Fadhili: Shangazi sio dakika tano

Mama Salim: Kumi basi

Kaka Juma: 😂😂

Mama Salim: Wengine mko wapi? Naona tiki za buluu tu

Hamisi: Mimi nimeshajaribu usiku kwa simu, nikachukua sari ya mdada mmoja wa mtandaoni nikampachika, nikaipaka kijani. Oneni
[picha]

Kaka Juma: Hamisi huyo ni Zainabu au ni pazia la sebuleni

Rehema: Jamani nimecheka mpaka mtoto kaamka

Hamisi: Chekeni tu lakini ncha iko begani, marinda yapo, mnataka nini tena

Fadhili: Bro umejitahidi ila angalia bega. Kwenye picha ya ukoo wote, ncha inatokea chini ya mkono wa kulia, inapanda kifuani kwa mshazari na kuishia bega la kushoto. Ya kwako imekaa bega la kulia

Hamisi: Niligeuza picha ili Zainabu atazame upande wenu, vinginevyo anaangalia nje ya fremu

Fadhili: Ndo hapo sasa. Ukigeuza picha sari nayo inageuka. Angalia na saa yake, kwenye picha ya Maskati kaivaa mkono wa kushoto, kwako imehamia kulia. Akae upande wa pili wa Rehema halafu asigeuzwe kabisa

Mama Salim: Upande wa pili kuna mke wa Jumaa

Fadhili: Atasogezwa

Mama Halima: Asogezwe vizuri tu. Kuna watu wamezoea kukaa pasipo pao

Mama Salim: Mama Halima tafadhali. Leo ni sari

Mama Halima: Na mimi naongelea sari

Kaka Juma: 🍿

Mama Salim: Fadhili endelea baba. Marinda je?

Fadhili: Marinda ndo yanamuumbua. Hamisi katengeneza rinda moja akalikopi mara sita, kwa hiyo lile ua la dhahabu linatokea urefu uleule kila rinda kama muhuri, na mistari yote imesimama wima kama kalamu kwenye boksi. Sari ya kweli marinda yanabanwa pamoja kiunoni yanapochomekwa kwenye gagulo, halafu yanafunguka kidogo kidogo kuelekea miguuni, na rinda la kati linaanguka wima kuliko ya pembeni. Kila rinda lina mgongo unaoshika mwanga na bonde lenye giza, na giza hilo linakolea pale juu karibu na kiuno kwa sababu kitambaa kimebanana. Chini linapungua

Rehema: Na yanalala kuelekea kushoto kwa mvaaji, yule dada aliyetufunga alikuwa anatugombeza kwa hilo

Fadhili: Haswa. Ukitazama picha ni upande wako wa kulia

Hamisi: Sasa si nipunguze kukopi tu niweke kivuli, tatizo liishe

Fadhili: Kivuli kitasaidia nusu. Fuata pindo la dhahabu kwa kidole uone. Linatakiwa lizunguke chini miguuni, livunjike kwa kila rinda, lizunguke nyuma, litokee nyonga ya kulia lipande na ncha mpaka begani, kwa sababu kitambaa ni kimoja, kama mita tano na nusu hakijakatwa. Kwako pindo linafika nyonga linapotea, begani linaanza lingine pana zaidi. Macho ya mtu hayatajua kasoro iko wapi ila atajua ipo

Baba Mdogo: Naomba kuuliza, hivi sari langu la kitenge linaweza kuwekwa kwenye picha ya pasipoti?

Kaka Juma: Baba Mdogo umevaa sari lini 😭😭😭

Baba Mdogo: Shati. Simu imeandika yenyewe

Mama Salim: TURUDI KWENYE MADA. Fadhili unataka nini ili kazi iishe

Fadhili: Nataka sari lenyewe, sio la mtandaoni. Rehema ana mwili unaokaribiana na Zainabu. Avae sari lake, asimame kama Zainabu alivyosimama, miguu vilevile, dirisha liwe kushoto kwangu kwa sababu picha ya harusi mwanga unatoka huko, kamera niiweke usawa wa kiuno. Nikishapiga nakata sari namvalisha Zainabu, navuta kidogo tu kwa Warp. Nikivuta sana marinda yanapinda kama tambi. Vivuli vya chini ya ncha na mabonde ya marinda naweka kwenye leya ya Multiply ili rangi ya kitambaa ibaki

Rehema: Karibiana na Zainabu wa mwaka gani? Mimi nimenyonyesha watoto wawili

Fadhili: Nitapunguza kiuno kabla ya marinda sio baada

Rehema: Asante kwa heshima

Fadhili: Tatizo la kweli ni pochi. Zainabu kashika pochi mbele ya tumbo kwa mikono miwili, palepale marinda yanapochomekwa. Lazima nikate mikono na pochi niiweke juu ya sari, halafu nichore kivuli cha pochi kikianguka kwenye marinda. Pia gauni lake lina mikono mirefu, blauzi zenu zinaishia kwenye kiwiko, sina ngozi ya mkono wake ya kuweka

Hamisi: Chukua ya Rehema

Rehema: Hamisi!!

Fadhili: Au blauzi yake niiache mikono mirefu, nibadili rangi tu. Ni bora

Mama Salim: Sawa. Rehema kesho saa kumi. Nani anampeleka

…

Mama Salim: Nani anampeleka jamani

Mama Halima: Bibi kasikiliza, nimemsomea zote. Anasema niandike kama anavyosema. "Kwanza, mimi kwenye picha ncha yangu iko mbele bega la kulia, ndivyo majirani zetu Wagujarati walivyotufundisha tukiwa wasichana, kwa hiyo Fadhili asije akanirekebisha na mimi akidhani nimekosea."

Fadhili: Sikugusi Bibi 🙏🏾

Mama Halima: "Pili. Huyo mtoto ameulizwa? Mwili wa mtu hauvishwi nguo akiwa hayupo. Na kitambaa chake alikilipia, kilienda wapi?"

…

Kaka Juma: Mmh

Mama Salim: Bibi shikamoo. Mimi nilitaka asikose tu kwenye ukuta

Mama Halima: Anasema marahaba. Hajasema kingine

Zainabu: Nilikuwa kazini ndo nafungua simu meseji mia. Shikamoo Bibi. Picha ya gauni nilimtumia shangazi aone nimepungua, sikujua navalishwa

Zainabu: Sikatai kuwekwa. Lakini sari langu la kijani nimeliona kwa mke wa Jumaa, hata pindo nalijua mimi ndiye nilichagua

Jumaa: Tuliambiwa limebaki

Mama Salim: Zainabu mwanangu tutaongea pembeni

Zainabu: Hapahapa panatosha. Jirani yangu wa chini ni wa Kerala, anaweza kunifunga sari lake nikapiga picha mwenyewe na mikono nje, Fadhili abadili rangi tu. Ila yuko zamu mpaka Ijumaa

Fadhili: Hiyo itakuwa safi mara kumi, marinda yatakuwa yako mwenyewe. Simama bila pochi, mwanga utoke kulia kwako, tumia kamera ya nyuma sio ya selfi

Mama Salim: Print ni Alhamisi

Hamisi: Basi tumieni yangu

Rehema: Mimi kesho nije au nisije?